Nani Alipie Shati la Mwisho?

Februari 2023 shirika la Changing Markets la Ulaya lilitoa ripoti kuhusu mitumba inayoingia Kenya. Lilikadiria kwamba mwaka 2021 nchi ilipokea zaidi ya vipande milioni 900 vya nguo zilizokwisha kuvaliwa, na kwamba hadi vipande milioni 458 kati ya hivyo vilikuwa takataka tangu vilipofika. Hiyo ni karibu nusu. Mwaka mmoja kabla yake, Greenpeace walikuwa wameandika kuwa asilimia 30 hadi 40 ya mitumba haiuziki. Wafanyabiashara wa Nairobi wakakasirika. Chama chao kikatoa utafiti wake kikisema kinachotupwa ni asilimia 1 au 2 tu.

Ni rahisi kuamua kwamba upande mmoja unadanganya. Wanamazingira wana sababu ya kuikuza namba, na wafanyabiashara wana sababu ya kuipunguza. Lakini mtu aliyewahi kukaa karibu na belo tangu linapofunguliwa mpaka linapokwisha anajua kwamba namba zote mbili zinaweza kutoka kwenye mzigo uleule. Jibu linategemea siku uliyohesabu. Na siku hiyo ndiyo inayoamua kama dawa ya taka za nguo ni kushona, kuuza tena, kurejeleza au kupiga marufuku.

Belo moja, hesabu tatu

Belo la kawaida la Nairobi lina uzito wa kilo 45. Limeshindiliwa kwa mashine, likafungwa kwa plastiki na kukazwa kwa mikanda. Muuzaji wa jumla hakubali lifunguliwe kabla hujalipa. Unachokijua ni aina tu: mashati ya wanaume, suruali za jinzi, nguo za watoto. Pengine unajua pia nchi lilikotoka na jina la kampuni iliyolifunga, na wachuuzi wazoefu hununua kwa kulifuata jina hilo. Ubora hasa unaonekana baada ya mikanda kukatwa, na hapo pesa imeshatoka mfukoni.

Tuchukue mfano wa belo la mashati ya wanaume. Namba ni za kutungwa kwa ajili ya hesabu, lakini zimepangwa kama belo linavyokwenda. Shati moja lina wastani wa gramu 250, kwa hiyo belo lina mashati 180. Mchuuzi amelinunua kwa shilingi 15,000 za Kenya. Akilifungua anapata mashati 30 ambayo katika soko la Gikomba huitwa kamera, yaani mazuri kabisa, yanayoonekana kama mapya. Hayo anayauza 300 kila moja. Mashati 80 ya daraja la pili yanakwenda kwa 100. Mashati 50 yanamwagwa chini kwenye turubai na kuuzwa 50 kila moja, nayo ndiyo fagia. Mashati 20 hayapati mtu.

Kamera zimeleta 9,000, daraja la pili 8,000, fagia 2,500. Jumla ni 19,500. Toa bei ya belo, toa 1,500 za mkokoteni, ada ya soko na kupiga pasi, na mchuuzi amebaki na 3,000. Sasa chukua belo jingine la bei ileile lenye kamera 15 badala ya 30, zile 15 nyingine zikiwa zimeshuka hadi fagia. Mapato yanakuwa 15,750 na gharama ni 16,500. Mchuuzi amepata hasara ya 750, ingawa mashati yasiyouzika bado ni yaleyale 20. Kumbe biashara nzima inabebwa na mashati machache ya juu. Yale ya chini hayalipi hata nafasi yaliyoichukua kwenye belo, na mchuuzi anayanunua kwa sababu amelazimika, kwani hauziwi kamera peke yake.

Turudi kwenye taka. Ukihesabu asubuhi belo lilipofunguliwa, mashati yaliyochanika au yenye doa lisilotoka ni labda manne. Hiyo ni asilimia 2. Ukihesabu baada ya mwezi, mchuuzi anapokusanya yaliyokataliwa, ni 20, sawa na asilimia 11. Na ukiingiza fagia kwa hoja kwamba shati la shilingi 50 lililochakaa halitavaliwa muda mrefu kabla ya kuishia jaani, unafika mashati 70, yaani asilimia 39. Hakuna shati lililobadilika katika hesabu hizo tatu. Kilichobadilika ni siku ya kuhesabu na maana aliyopewa "taka".

Kwa mji kama Nairobi, hesabu ya kwanza haina maana kubwa, kwa sababu haigusi yanayotokea baadaye. Nguo ambayo haikuuzwa inalala kwenye matope ya soko, inaingia mtaroni, inafika Mto Nairobi, au inapakiwa kwenda Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na ambalo bado linapokea taka. Nyingine huuzwa kwa bei ya chini kabisa kama kuni, na kuna wakaanga njugu wanaoitumia kuwashia moto. Kama ni pamba, moshi wake ni sawa na wa karatasi. Kama ni poliesta, ni plastiki inayoungua chini ya chakula.

Fundi anashona upande wa muuzaji

Tukiorodhesha njia za kuepuka taka, ya kwanza ni kushona. Afrika Mashariki haina haja ya kufundishwa hili na mtu yeyote. Kando ya kila soko la mitumba kuna safu ya vyerehani, na mafundi wake wanafanya kazi ambazo miji mingi ya Ulaya imezisahau. Wanapunguza kiuno, wanabadilisha zipu, wanageuza kola iliyochakaa upande wa nje ili upande mzima uonekane, na kutoka kwenye suruali mbili zilizochoka wanapata moja nzima na sketi ya mtoto. Ufaransa ilianza Novemba 2023 kumpa mteja nafuu ya euro 6 hadi 25 anapopeleka nguo kwa fundi, kwa sababu bila hiyo asingeipeleka. Nairobi fundi hajawahi kuhitaji ruzuku ili apate kazi.

Lakini angalia kazi hiyo anaifanya kwa ajili ya nani. Nguo kuharibika kuna namna mbili. Kuna kuachia mshono, kufa kwa zipu, kukatika kwa kifungo, kulegea kwa lastiki. Hapo kitambaa chenyewe ni kizima na fundi anaokoa nguo yote kwa dakika chache. Na kuna kuchoka kwa kitambaa: kwenye makalio ya jinzi, katikati ya mapaja, kwenye kwapa, kwenye ukunjo wa kola. Hapo ukitia kiraka, uzi mpya unashikilia kitambaa dhaifu, na baada ya mafuo machache kinachanika pembeni mwa kiraka. Fundi mzuri hulijua hilo kabla ya kukaa kwenye cherehani. Huinua nguo kwenye mwanga, na palipokonda panapitisha nuru. Huvuta kitambaa kwa vidole viwili karibu na mshono, na kama nyuzi zinatengana, anairudisha kwa mwenyewe.

Ugonjwa wa siku hizi ni mgumu zaidi. Jinzi nyingi zimechanganywa na nyuzi kidogo za spandeksi ili zivutike. Nyuzi hizo zikifa kwa joto la kufulia na kukaushia, goti linabaki na uvimbe usiorudi. Hakuna mshono wa kuurudisha. Ukitaka kujua mapema, vuta kitambaa cha goti kisha uachie. Kikirudi polepole, au kikibaki na mawimbi, kipe miezi tu.

Upo pia mpaka wa bei. Mwenye kamera ya shilingi 300 atamlipa fundi 50 ili ipande mpaka 400. Lakini mvaaji aliyenunua suruali kwa 100, zipu ikimkatikia, anaambiwa zipu na kazi ni 100 au 150. Anakwenda sokoni kununua nyingine. Kwa hiyo mtumba uleule unaompa fundi kazi mlango wa mbele, unamnyima kazi mlango wa nyuma. Anashona kwa ajili ya kuuza na si kwa ajili ya kudumu. Ndiyo maana kuongeza vyerehani, jambo ambalo miradi mingi hupenda kuanza nalo, hakugusi fagia. Shati la fagia halilipi uzi wake.

Kamera zinabaki zilikotoka

Njia ya pili ni kuuza tena, na hiyo ndiyo mitumba yenyewe. Taasisi ya Masuala ya Uchumi ya Kenya ilikadiria kwamba mwaka 2019 ziliingia nchini tani 185,000 za nguo zilizovaliwa. Nyingi ya nguo hizo zinavaliwa kwa kweli, na kila shati linalovaliwa mara ya pili ni shati jipya lisilohitaji kutengenezwa. Kwa kipimo hicho, Gikomba, Mchikichini ya Dar es Salaam, Kongowea ya Mombasa na Owino ya Kampala zinafanya kazi kubwa ya kuhifadhi nguo kuliko mtambo wowote wa kurejeleza uliopo duniani.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo inategemea kamera, na kamera zinapungua. Nguo aliyoitoa mtu Berlin au Manchester haiji moja kwa moja. Inapita kwenye ghala la kuchambulia, labda huko huko, labda Poland, labda katika maeneo huru ya biashara ya Falme za Kiarabu au Pakistani, ambako wafanyakazi huipanga kwa aina, hali na msimu. Nguo bora kabisa huondolewa kwanza na kuuzwa katika maduka ya Ulaya. Kisha ikaja Vinted, iliyoanzishwa Vilnius mwaka 2008, ambako mwenye nguo anaipiga picha na kuiuza mwenyewe bila kuipeleka kwenye pipa la msaada. Nguo nzuri haifiki tena hata kwenye ghala. Wakati huohuo, nguo mpya za bei ya chini zinazouzwa mtandaoni zinatoka kiwandani zikiwa dhaifu, kwa hiyo zinafika ghalani zikiwa zimeshachoka.

Ukirudi kwenye mfano wetu, ndiyo tofauti ya belo lenye kamera 30 na lenye kamera 15. Mchuuzi hakukosea popote. Alinunua kwa bei ileile jina lilelile, na ghala likajaza kwa nguo lilizozipata. Hata maghala yenyewe yamebanwa. SOEX ya Ujerumani, moja ya kampuni kubwa za kuchambua nguo barani Ulaya, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2024. Na tangu Januari 1, 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa na sheria kukusanya nguo kando na takataka nyingine. Nguo zinazokusanywa zitaongezeka, na nyongeza hiyo itatoka kwenye zile ambazo zamani zilitupwa. Haitoki kwenye kamera.

Kinachowezekana kurejelezwa

Mara nyingi mtu akifika hapa husema: basi zirejelezwe. Nguo inayogeuzwa kuwa nguo nyingine mpya ni chini ya asilimia 1 ya nguo zote duniani, na sababu inaonekana ukishika mashati yetu 20 mkononi.

Anza kwa kujua ni nyuzi gani. Lebo mara nyingi imefutika au imekatwa, kwa hiyo watu hutumia moto. Chomoa uzi kidogo, ushike kwa koleo, usogeze kwenye kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huacha tone jeusi gumu. Shati likitoa majivu na tone kwa pamoja, ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na mashati mengi ya kazini ni hayo. Poliesta peke yake sasa ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani.

Njia ya zamani ya kurejeleza ni ya mashine yenye ngoma za meno. Vifungo na zipu huondolewa, kitambaa hukatwakatwa, kisha ngoma hukichana mpaka kiwe nyuzi tena. Prato nchini Italia na Panipat nchini India zimeishi kwa kazi hiyo kwa miaka mingi, hasa kwa sufu. Sweta hupangwa kwanza kwa rangi, ili uzi utakaotoka usihitaji kutiwa rangi upya. Sufu inafaa kwa sababu uzi wake huanza ukiwa mrefu na hushikana vizuri. Pamba ina shida: uzi wake ni wa milimita 25 au 30 hivi, na ngoma huukata ukabaki mfupi mno kusokotwa peke yake. Lazima uchanganywe na pamba mpya, na kadiri unavyoongeza iliyotumika ndivyo uzi unavyokatika mashineni. Spandeksi ni mbaya zaidi, maana hunyumbuka badala ya kuchanika na hujiviringisha kwenye ngoma.

Njia ya pili ni ya kemikali: kuyeyusha pamba mpaka iwe majimaji mazito, kisha kutengeneza malighafi ya nyuzi mpya. Renewcell ya Sweden ilijenga mtambo wa namna hiyo mjini Sundsvall, ukaanza kazi mwaka 2022 ukitumia nguo za pamba. Februari 2024 kampuni ikafilisika. Haikuanguka kwa kukosa nguo chakavu. Ilikosa oda za kutosha, kwa sababu malighafi yake ilikuwa ghali kuliko ile mpya inayotokana na miti. Baadaye ilinunuliwa na kuendelea kwa jina la Circulose. Ikiwa mtambo ulioko Sweden, karibu na wanunuzi wakubwa wa mitindo, ulishindwa na bei, haitakuwa busara kutarajia mwingine wa namna hiyo usimame Athi River kwa kutegemea masalio ya Gikomba.

Kinachobaki ni kurejeleza kwa kushuka daraja, na hiki kinawezekana hapa. Shati la pamba tupu, hasa la rangi nyepesi, likikatwa linakuwa kitambaa cha kufutia mafuta, na gereji na viwanda vidogo hununua vitambaa hivyo kwa kilo. Shati la poliesta halifai kwa kazi hiyo: halinywi maji, na likigusa chuma chenye moto huyeyuka. Jinzi nzito hushonwa mifuko na aproni. Vipande vilivyochanganyika huchanwa na kujazwa kwenye mito au kusukwa mazulia, kama wanavyofanya Africa Collect Textiles jijini Nairobi. Kwa mashati yetu 20, tukadirie kuwa sita ya pamba yatapata mnunuzi wa matambara, machache yatakwenda kwenye mito, na yaliyobaki hayana kazi isipokuwa kuzikwa kwa utaratibu.

Na hata hayo sita yana sharti moja: yasiguse chini. Nguo iliyolowa matope ya soko inanuka baada ya siku mbili, na hakuna gereji inayoinunua. Akija mkusanyaji baada ya mwezi, ameshachelewa. Kinachotakiwa ni gunia kavu kwenye kibanda siku belo linapofunguliwa, na mtu wa kulipitia. Kwa mtambo wa kemikali unahitaji mamilioni ya dola. Kwa hili unahitaji magunia, mkokoteni, chumba kikavu na mshahara wa wachambuzi, ambao ujuzi wao wa kutambua kitambaa kwa vidole tayari upo sokoni. Ila nao hautajilipa wenyewe, kwa sababu kilo za poliesta zinazobaki hazina mnunuzi na lazima mtu azilipie.

Marufuku ilivyofanya kazi

Njia nyingine ni kufunga mlango. Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakikutana Arusha, walikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua ili kuinua viwanda vya ndani. Chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani kikalalamika kwa serikali yake, nayo ikatishia kuziondolea nchi hizo nafasi ya kuuza Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ikarudi nyuma mapema kwa sababu viwanda vyake vya nguo viliutegemea mpango huo. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilikuwa imekwisha kupandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo na haikurudi. Mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu hiyo kwa nguo za Rwanda.

Watu huisimulia habari hii kama mapambano ya heshima ya taifa, na ina sehemu hiyo. Kwa mtazamo wa taka, somo lake ni jingine. Mitumba iliyoingia Rwanda kihalali ilipungua sana, lakini mabelo yaliendelea kuvushwa kimagendo, hasa kupitia mpaka wa Kongo, na pengo likajazwa pia na nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia. Nguo mpya ya poliesta nyembamba inaishia palepale inapoishia fagia, ila imekuwa taka bila kuvaliwa na mtu wa kwanza. Marufuku inaweza kuwa na hoja kama sera ya viwanda. Kama sera ya taka, inabadilisha njia ya kuingilia na kuliacha jaa kama lilivyo.

Wala ukaguzi uliopo haugusi jambo hili. Kenya hudai cheti cha kupulizia dawa mitumba kabla haijasafirishwa, na Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku nguo za ndani zilizotumika. Masharti hayo yanalinda afya. Hakuna karatasi inayomwuliza aliyefunga belo: umeweka kilo ngapi ambazo unajua hazitauzika?

Pesa isafiri pamoja na belo

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mzizi ulipo. Ufaransa iliweka sheria mwaka 2007 inayomtaka anayeuza nguo mpya alipe ada ndogo kwa kila kipande, ili ada hiyo igharimie kukusanya na kuchambua nguo ikishachakaa. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulirekebisha sheria yake ya taka ili kila nchi mwanachama iwe na mfumo kama huo. Ni utaratibu wa haki, na una tundu moja kubwa. Nguo ikichambuliwa na kuandikwa kuwa "inafaa kuvaliwa tena", kisha ikapanda meli, hesabu yake imefungwa. Ada imebaki Ulaya na nguo imefika Gikomba, ambako itakufa bila bajeti ya maziko.

Hebu tupime ukubwa wa pesa inayohitajika. Tuseme kila kilo ya mitumba ilipiwe shilingi 5 za Kenya kwa ajili ya mwisho wake. Kwa belo la kilo 45 hiyo ni shilingi 225, yaani shilingi moja na robo kwa shati. Kwa tani 185,000 ni shilingi milioni 925 kwa mwaka. Katika mfano wetu, mashati 20 yasiyouzika ni kilo 5, kwa hiyo kila kilo ya taka ina shilingi 45 za kuikusanya, kuichambua na kuifikisha mahali pake. Lakini kama taka halisi ni mashati 70, yaani kilo 17 na nusu, shilingi zilezile 225 zinagawanyika hadi kama 13 kwa kilo, na hapo huenda zisitoshe. Ndiyo maana ule ugomvi wa asilimia 2 na asilimia 40 una uzito: ndio unaopanga ada. Anayesisitiza kwamba taka ni asilimia 2 anapaswa kuikubali ada bila wasiwasi, kwani kwa hesabu yake itakuwa ndogo mno.

Ada hiyo ikikatwa bandarini Mombasa itamwangukia mchuuzi, kwa sababu muagizaji ataiongeza kwenye bei. Katika belo zuri atapungukiwa 225 kutoka faida ya 3,000. Katika belo baya, hasara yake ya 750 itakuwa 975. Ni mzigo unaobebeka kwenye belo la kwanza na wa kuumiza kwenye la pili. Kwa hiyo mahali panapostahili ni kule ada ilikokusanywa kwanza, na nchi zinazopokea mitumba zina haki ya kudai kwamba sehemu yake ifuate kontena. Zina pia njia ya kulisukuma dai hilo, kwa sababu Ulaya inazihitaji. Bila masoko haya, maghala yake hayana pa kupeleka nguo.

Mpaka hilo lipatikane, kuna jambo dogo ambalo Kenya, Tanzania au Uganda inaweza kuanza nalo bila kumwomba mtu ruhusa: kwenye karatasi ileile ya cheti cha kupulizia dawa, mfungaji wa belo aandike jina lake, daraja la nguo na aina ya nyuzi kwa makadirio, kisha mabelo machache ya kila kampuni yafunguliwe bandarini na kulinganishwa na maandishi hayo. Kampuni itakayokutwa imedanganya mara kwa mara isipokewe. Mchuuzi atanunua akijua anachonunua, na mfungaji hatapata tena faida ya kuficha fagia chini ya kamera.

Kushona, kuuza tena na kurejeleza si njia tatu za kuchagua moja. Ni ngazi ambazo kila nguo inashuka, na kila ngazi ina kitambaa na bei inayoikubali. Ngazi mbili za juu Afrika Mashariki imezijenga yenyewe, bila mpango wa serikali yoyote. Ya chini haitajengeka hivyo, kwa sababu hakuna faida ya kumvuta mtu. Itajengwa siku aliyeliuza shati likiwa jipya atakapolipia pia mwisho wake, popote utakapotokea.